Kidevu cha Pili Kinacholetwa na Kamera Iliyo Chini

Malalamiko yanayofika katika kitengo chetu cha picha hapa Mombasa yameongezeka, na mengi ni ya harusi. Bibi harusi ameketi jukwaani, mpiga picha yuko sakafuni, na picha inatoka na kidevu cha pili. Watu huambiana kwamba ni unene. Si unene. Lenzi ikitazama kutoka chini, kidevu na shingo huwa karibu nayo kuliko paji la uso, kwa hiyo huonekana vikubwa. Tena gauni jeupe hurudisha mwanga juu na kufuta kivuli ambacho kwa kawaida hukaa chini ya taya.

Picha moja tuliyoletewa ilikuwa imeshasukumwa taya kwa Liquify. Ngozi ilikuwa imevutika, na mkufu wa dhahabu umepinda upande mmoja. Tuliomba picha ya awali tukaanza upya kwenye Lightroom. Katika Transform, tulipeleka Vertical upande wa hasi hadi -12. Sehemu ya juu ya picha hupanuka na ya chini hubanwa, na kwa kuwa picha nzima husogea pamoja, mkufu ulibaki na umbo lake. Pembe za chini huwa tupu, hivyo washa Constrain Crop. Mkikaza zaidi, kichwa huanza kuonekana kizito juu. Hapo rudini nyuma.

Kisha kivuli. Tulifungua Masking tukachagua Brush, Feather 100, Flow 15, Exposure -0.35, tukapaka chini ya mstari wa taya na juu ya mng'ao wa ule mkunjo wa pili. Mstari wenyewe wa taya usiguswe, maana ndio unaotenganisha uso na shingo. Upande ulio mbali na taa upate kivuli zaidi kidogo. Halafu punguza picha iwe ndogo kama inavyoonekana kwenye simu: ukiona doa linalofanana na ndevu, umepitiliza.

Mbinu hii haiwezi kuonyesha kile ambacho lenzi haikukiona. Matundu ya pua yakiwa wazi kabisa, tafuta picha nyingine ya tukio hilohilo.

Studio zinazobandika mtandaoni picha za "kabla na baada" zizingatie hili pia. Picha ya mtu anayetambulika ni data binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na faini ya Kamishna wa Data inaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia ya biashara, kiasi kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Kulipwa kupiga harusi si ruhusa ya kuitangaza shingo ya bibi harusi. Pata ridhaa yake kwa maandishi, ikitaja ni picha ipi na itawekwa wapi, na uiondoe picha hiyo akibadili nia.