Muujiza wa Rubaga darasani: wanavyodhani watu na mambo yalivyo

Ukifundisha dini katika shule ya sekondari ya Kampala, darasa moja lina Mkatoliki, Mwanglikana, mlokole, Mwislamu, na kijana mmoja au wawili wa nyuma kabisa ambao hawaamini lolote ila hawajawaambia wazazi. Somo la miujiza likifika, walimu wengi hulipitia mbiombio. Mimi nalitengea vipindi viwili vilivyoungana, dakika 80, na natumia simulizi moja tu: watawa wawili waliopona tauni Rubaga mwaka 1941, baada ya kuombewa kupitia mashahidi wa Uganda, Wakristo waliouawa kwa ajili ya imani yao. Kupona huko ndiko Kanisa Katoliki lilikokubali kuwa muujiza, na mashahidi 22 wakatangazwa watakatifu Roma tarehe 18 Oktoba 1964.

Nimeichagua kwa sababu ni ya hapa kwetu, ina tarehe, na ugonjwa wake unajulikana vizuri. Ila kabla ya kuifundisha kuna mambo ya kusafisha, maana hata sisi walimu tumeyabeba.

"Muujiza wa mashahidi ni kule Namugongo."

Hapana. Waliochomwa Namugongo tarehe 3 Juni 1886 wanaheshimiwa kwa kufia imani, na kufia imani si muujiza. Ndiyo maana wale 22 walitangazwa wenye heri mwaka 1920 bila muujiza kudaiwa. Muujiza ulihitajika kwa hatua ya pili, utakatifu. Waanglikana waliouawa pamoja nao wanakumbukwa na kanisa lao bila utaratibu huo kabisa. Mwanafunzi anayechanganya haya mawili hudhani kuuhoji muujiza ni kuwatukana mashahidi, na hapo darasa huwaka moto bure. Dakika kumi za kwanza ni za kutenganisha hayo tu.

"Darasa lina kambi mbili, waamini na wenye shaka."

Hili ndilo kosa linaloharibu mpango wa somo kuliko mengine. Jaribu kuwagawa wanafunzi kushoto na kulia, utaona. Mlokole anaamini uponyaji kwa moyo wote, lakini hakubali kwamba mtu aliyekufa anaweza kuombwa amuombee mwingine. Kwa simulizi hii yeye ni mwenye shaka. Mwislamu anakubali mujiza wa mitume na karama za mawalii, lakini hafungwi na uamuzi wa Roma, na wapo Waislamu watakaomkumbusha mwalimu kwamba Kabaka Muteesa aliwaua Waislamu kwa ajili ya dini yao miaka kumi kabla ya Namugongo. Naye Mkatoliki anaweza kuwa ndiye anayeuliza maswali makali zaidi.

Kwa hiyo sigawi watu, nagawa sentensi. Ninaandika nne ubaoni: watawa wawili waliugua tauni; waliombewa kupitia mashahidi; walipona; mashahidi waliwaombea kwa Mungu, ndiyo maana wakapona. Kila kundi linaweka kando ya kila sentensi aina ya ushahidi unaohitajika. Ya kwanza inataka daktari na maabara. Ya pili inataka mashuhuda. Ya tatu inataka daktari tena, na muda upite. Ya nne haina kipimo cha hospitali. Hapo ndipo imani, au kutoamini, inapoingia. Wanafunzi hushangaa kuona wanakubaliana katika sentensi tatu.

"Kanisa hukubali kila anayedai amepona."

Wenye shaka hupenda kusema hivi. Vigezo vinavyotumika viliandikwa karne ya 18 na Lambertini, ambaye baadaye alikuwa Papa Benedikto wa 14. Ugonjwa uwe mzito. Usiwe tayari umeanza kupungua wenyewe. Dawa iwe haikutumika au haikufaa. Kupona kuwe kwa ghafla, kukamilike, na ugonjwa usirudi. Mwaka 1964 bado kulikuwa na ofisa ambaye kazi yake ilikuwa kupinga. Watu walimwita wakili wa shetani. Vigezo hivi nawapa wanafunzi kama chombo cha kazi. Kijana asiyeamini akivishika, hugundua kwamba maswali yake mengi yaliulizwa na mapadri kabla yake.

"Sayansi imeshathibitisha kwamba haikuwa muujiza."

Na waamini nao wana toleo lao: "Madaktari walishindwa, basi ni Mungu." Kauli zote mbili zinaruka hatua. Tuchukue tauni yenyewe. Tauni ya mitoki, ile ya kuvimba kinenani au kwapani, isipotibiwa huua kati ya 30 na 60 katika kila wagonjwa 100. Maana yake wapo wanaopona bila dawa, si wachache. Tukichukua nusu kwa nusu, wagonjwa wawili kupona wote ni nafasi moja kati ya nne. Lakini tauni ya mapafu isipotibiwa huua karibu kila mtu. Kwa hiyo swali la kwanza la mwenye shaka mzuri ni: tauni gani? La pili: walipewa dawa gani? Streptomaisini ilikuwa haijagunduliwa, ilikuja 1943, lakini dawa za salfa zilikuwepo.

Mwamini mzuri naye ana jibu: hoja haikuwa kupona tu, bali namna walivyopona. Basi mjadala unahamia kwenye saa na siku, homa ilishuka lini na kwa kasi gani, na hapo wote wawili wanahitaji karatasi zilezile. Mwanafalsafa David Hume mwaka 1748 hakusema muujiza hauwezekani kwa sababu maabara imekataa. Aliuliza kipi kina uwezekano zaidi, kwamba jambo lilitokea au kwamba ushuhuda una kasoro. Ni swali la ushahidi, na mlokole wa kidato cha tatu analiweza.

"Usawa ni kumpa kila mtu dakika zake."

Dakika sawa huzaa mahubiri mawili. Mimi nabadilisha viti: anayeamini aandike hoja yenye nguvu kuliko zote dhidi ya simulizi, asiyeamini aandike yenye nguvu ya kuitetea, kisha mwenzake aseme kama angeisaini. Asipokubali kuisaini, anarudi kuandika.

"Ushuhuda wa mwanafunzi ndio utakaolitia somo uhai."

Hapa sina mzaha. Sitaki mtoto asimame kusema aliponywa nini. Katika shule za bweni wapo wanaomeza dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi kwa siri, na wapo wahubiri wanaowaambia wamepona. Mtu akimeza dawa vizuri, kipimo cha wingi wa virusi kinaweza kuandika kwamba havionekani. Huyo hajapona, virusi vimelala, na akiacha dawa kwa kawaida hurudi ndani ya wiki chache. Hili nalisema kama habari ya afya kwa darasa zima, bila kumtazama mtu, kabla mjadala haujaanza. Ukitumia vigezo vya Lambertini, dai hilo linaanguka lenyewe: dawa imetumika, na imefaa.

Kwenye kusahihisha, alama kumi zinagawanyika hivi: nne kwa kupanga zile sentensi, nne kwa hoja ya upande usio wake, mbili kwa kutaja karatasi gani angetaka kuiona. Hitimisho lake, ndiyo au hapana, halina alama. Wazazi wa pande zote wamewahi kuja kuniuliza kwa nini, na nawaonyesha daftari.