Kubana nywele chache: mambo tunayoyaamini na yalivyo kweli

Dhana: Ukikaza sana, mkia unajaa.

Kukaza hufanya kinyume. Nywele nyembamba zikivutwa zinalala bapa kichwani, ngozi inachungulia katikati, na nyuma unabaki na mkia kama kamba ya kiatu. Ujazo unaonekana utosini na pale mkia unapoanzia, na sehemu zote mbili zinahitaji ulegevu.

Chukua nywele za dawa zinazofika mabegani, ambazo ukizishika zote hazizidi unene wa kidole gumba. Zigawe kwa mstari wa kutoka sikio hadi sikio, ukipitia nyuma ya utosi. Bana sehemu ya juu kwa raba ya kitambaa, kisha bana ya chini peke yake, upana wa vidole viwili chini ya ile ya kwanza. Mkia wa juu unaangukia wa chini na kuficha raba yake, kwa hiyo anayekutazama anaona mkia mmoja mrefu uliojaa. Kila raba imebeba nusu tu ya nywele, ndiyo maana haihitaji kukazwa. Malizia kwa kushika raba ya juu kwa mkono mmoja, na kwa ncha ya kitana inua nywele za utosini kidogo kidogo. Sasa nyanyua nyusi. Ukihisi ngozi ya paji inavutwa, legeza.

Dhana: Jeli nyingi ndiyo inayopendezesha.

Jeli na mafuta hugandisha nywele nyembamba makundi makundi, na nafasi kati ya makundi hayo ndiyo upara unaouona kwenye picha. Paka kidogo pembeni kwa mswaki laini, basi.

Dhana: Kifundo kikubwa kinataka donati kubwa.

Donati ikizidi nywele, sponji inachungulia, halafu unaanza kuvuta ili uifunike. Tafuta ndogo yenye rangi ya nywele zako. Mimi naiacha kabisa: nagawa mkia mara mbili, nasokota kila upande bila kukaza, navuta kingo za misokoto zitanuke, ndipo naipitanisha na kuizungusha. Pini nne au tano zinatosha kushikilia, zikiingia kwenye kifundo na kunasa nywele zilizo chini yake.

Dhana: Kuuma ni kwa siku ya kwanza tu, utazoea.

Maumivu na vipele kwenye mizizi ni dalili kwamba nywele zinavutwa kupita kiasi. Baadaye nywele za pembeni hupungua, mara nyingi zikiacha mstari wa vinyweleo vifupi mbele kabisa ya paji na uwazi nyuma yake. Ukiacha kuvuta mapema, huota tena. Ukiendelea kwa miaka, mashina hugeuka kovu na hakuna mafuta yatakayoyafufua. Nywele zenye dawa huathirika zaidi. Leo ukibana juu, kesho bana shingoni, na usiku fungua kabisa.