Hawala si mapato ya kisiwa

Juzi barazani Wete, baada ya sala ya alasiri, nilisikia tena ile kauli: "Hawala za watoto wetu walioko Omani zinakuza pato la Zanzibar." Siku mbili kabla yake kijana mwingine alikuwa amesema hawala ni pesa za magendo. Nimezisikia kauli hizi mbili mara nyingi mno, na zote mbili zinaliumiza neno zuri.

Hawala, kwa maana inayohusika hapa, ni fedha au kitu ambacho aliyehamia nchi nyingine humpelekea mtu wa nyumbani, bila ya kurudishiwa bidhaa, huduma wala hisa. Ni hayo tu.

Neno lenyewe tumelipata kwa Waarabu, na asili yake ni kugeuka au kuhama kutoka hali moja kwenda nyingine. Ndugu zake tunao mdomoni kila siku. Tunasema kuhawilisha, na kaya zilizoandikishwa TASAF zinaujua vizuri "uhawilishaji wa fedha". Wazee wanaikumbuka hawala ya posta, ile karatasi uliyoipeleka dirishani ukapewa shilingi. Katika fiqhi, hawala ni mlango kamili wa muamala: deni linahamishwa kutoka kwa mdaiwa mmoja kwenda kwa mwingine. Mimi nakudai wewe, wewe unamdai Fulani, basi unaniambia nikachukue kwa Fulani. Hakuna uchafu wowote ndani yake, na ipo hadithi ya Mtume inayomtaka mwenye haki akubali akielekezwa kwa mtu mwenye uwezo wa kulipa.

Utaratibu huohuo ndio unaofanya kazi leo. Binti anafanya kazi za ndani Maskati. Anampa mwenye duka wa Matrah riali 40. Mwenye duka anampigia simu mwenzake wa Wete, naye anamlipa mama wa binti kwa shilingi siku hiyohiyo. Hapo hakuna noti iliyovuka bahari. Kilichohama ni deni: mfanyabiashara wa Matrah sasa anadaiwa na wa Wete, na atalilipa kwa kumpakilia vitambaa, vyombo au mchele. Kufanya kazi hii bila leseni ya Benki Kuu ni kosa, na zipo sababu za msingi za sheria hiyo. Lakini kosa hapo ni kukosa leseni. Binti aliyetuma kwa benki, kwa simu au kwa mkono wa abiria wa ndege naye katuma hawala.

Tuje sasa kwenye hilo linalonikera zaidi, yaani kuichanganya hawala na pato.

Pato la ndani, ambalo magazetini huandikwa Pato la Taifa, ni thamani ya vitu na huduma zilizozalishwa ndani ya mipaka yetu. Mkulima wa Micheweni akichuma karafuu, akazianika, akaziuza ZSTC, fedha ile ni malipo ya kitu kilichotoka kwenye ardhi ya Pemba, kwa hiyo imo. Mchumaji aliyelipwa kwa pishi naye yumo. Lakini riali 40 za binti ni malipo ya sakafu zilizopigwa deki na watoto waliooshwa Maskati. Kazi ile imeshahesabiwa katika pato la Omani. Ikifika Wete haihesabiwi mara ya pili. Inachoongeza ni uwezo wetu wa kutumia, na kutumia si kuzalisha.

Kanuni za kimataifa za hesabu hizi zinaangalia makazi ya mtu, haziangalii pasipoti wala alikozikwa kitovu. Aliyekwenda kwa mkataba wa miaka miwili huhesabiwa mkaazi wa kule, kwani mpaka uliowekwa ni mwaka mmoja. Kwa hiyo mshahara wake ni wa kule, na chetu ni kile tu alichokituma. Angekwenda kwa miezi sita, angebaki mkaazi wetu na mshahara wake wote ungeandikwa kwetu kama kipato cha wakaazi, hata ule alioula hukohuko, ingawa si katika pato la ndani. Na binti huyo wa miaka miwili akinunua nyumba Chake Chake kwa jina lake mwenyewe, huo ni uwekezaji kutoka nje. Akimpa kaka yake fedha ajenge iwe mali ya kaka, hiyo ni hawala. Jengo moja, matofali yaleyale, lakini linaandikwa kwenye daftari mbili tofauti.

Basi ile hawala ikishafika, inafanya nini? Mwezi uliopita jirani yangu, ambaye binti yake yuko Maskati, aliniruhusu niandike matumizi yake. Riali 40, kwa shilingi 6,500 kila riali, zilimpa 260,000. Gunia la kilo 25 la mchele wa mapembe lilichukua 60,000. Unga, sukari na mafuta ya kula vilikula 50,000. Samaki, muhogo, nazi na mboga vya mwezi mzima vilifika 70,000. Sare ya skuli ilimtoka 30,000, na kati ya hizo fundi cherehani alipata 12,000, zilizobaki ni kitambaa. Umeme na vocha 20,000, madrasa 10,000, na 20,000 aliziweka kwa ajili ya mchango wa arusi.

Mchele ule umetoka ng'ambo, na unga, sukari, mafuta na kitambaa navyo vimeshushwa bandarini. Hata umeme wa Pemba unakuja kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka mkoa wa Tanga. Matumizi ya nyumba yamepanda, lakini manunuzi kutoka nje ya kisiwa yamepanda pamoja nayo, na katika hesabu ya pato hayo mawili hufutana. Kinachobaki ni faida ndogo ya mwenye duka, ya mchukuzi na ya wakala wa vocha. Kilicholipa mkono wa Mpemba moja kwa moja ni samaki na mazao 70,000, ujira wa fundi 12,000 na mwalimu wa madrasa 10,000. Jumla 92,000, kama thuluthi moja hivi. Hapo ndipo pato letu linapoguswa: mvuvi kauza, fundi kashona.

Sisemi haya kuidharau hawala. Karafuu ina mwaka wake. Mwaka mmoja mikarafuu inainama kwa mzigo, ukifuata mwaka mtupu vijungu vinainama jikoni. Hawala ya jirani yangu inakuja kila mwezi, na dhiki ikizidi ndiyo huongezeka, kwa sababu binti akisikia mama anaumwa hujinyima akatuma zaidi. Watoto wake watatu hawajakosa chai ya asubuhi tangu dada yao aondoke. Jambo hilo halionekani katika takwimu ya pato hata likitafutwa kwa taa, lakini lipo.

Kwa hiyo yule ndugu yangu wa barazani hakukosea kuzithamini riali za Omani. Kama angesema zinalisha nyumba zetu, ningemuitikia. Pato la Zanzibar litaonekana kukua zaidi pale jirani yangu atakapoliacha lile gunia la mapembe, akanunua mchele uliovunwa bondeni hapahapa Pemba, na siku ile nilipomuuliza kwa nini hafanyi hivyo, alinijibu kwamba dukani haupo.