Bakapu ya kila usiku haimwagi logi: dhana potofu kuhusu logi ya SQL Server

Jumamosi moja mwisho wa mwezi, saa nne asubuhi, nilipigiwa simu na keshia wa duka la jumla la spea kule Kirinyaga Road, ananiambia fundi mashine imegoma kutoa risiti na watu wamejaa hapa. Nikaingia kwa seva nikakuta hii:

```
The transaction log for database 'DukaDB' is full due to 'LOG_BACKUP'.
```

Diski ya GB 200. Faili ya data yenyewe GB 6 tu, lakini faili ya logi, ile ya .ldf inayoandikwa kila badiliko la data, ilikuwa imefika GB 187. Mzee mwenye duka alikuwa ananiuliza mauzo gani hayo ya kujaza GB 187 na yeye anauza bearing na brake pad, na swali lake lilikuwa la maana sana. Nimekuta hii kitu kwa maduka mengi na kila mara maneno ninayoambiwa ni yaleyale, ndo maana nayaandika hapa.

Dhana: "Si tunachukua bakapu kila usiku, logi itajaaje?"

Hii ndo kubwa, na pale dukani ndo ilikuwa shida yote. Bakapu nzima ilikuwa inapita kila saa sita usiku bila kukosa, faili ziko, tarehe ziko, kila mtu ametulia. Ukweli ni kwamba databesi ikiwa kwa recovery model ya FULL, bakapu nzima haiachilii hata kipande kimoja cha logi. Inabeba data, na kiasi kidogo tu cha logi cha kufanya hiyo data isimame sawa ikirudishwa, basi. Kitu kinachoachilia nafasi ndani ya logi ni bakapu ya logi peke yake, na hiyo hakuna mtu alikuwa amewahi kuipanga tangu databesi iundwe miezi 14 nyuma.

Na iko sababu nzuri ya kufanya hivo. Tuseme bakapu ya Jumanne imeharibika, faili haifunguki. Ukiwa na ya Jumatatu, na bakapu za logi zote kuanzia hapo bila pengo, unarudisha ya Jumatatu alafu unapandisha logi moja baada ya nyingine mpaka unafika leo. Kama bakapu nzima ya Jumanne ingekuwa inafuta logi, hiyo njia ingekatika hapohapo. Kwa hivo SQL Server inashikilia kila badiliko mpaka uliweke mahali salama, na usipoliweka itaendelea kushikilia mpaka diski iishe.

Alafu kuna kitu mzee hakujua: si mauzo tu yanaandikwa kwa logi. Kulikuwa na job ya kila Jumapili usiku ya kujenga upya indeksi, na kwa FULL hiyo kazi yote inaandikwa kwa logi, kwa hivo hata wiki ambayo duka limeuza kidogo logi ilikuwa inakua tu.

Ukitaka kujua kama yako iko hivo, uliza hivi:

```sql
SELECT name, recovery_model_desc, log_reuse_wait_desc
FROM sys.databases;
```

Ukiona FULL na pembeni yake LOG_BACKUP, na hilo neno linakaa hapo siku baada ya siku, basi hiyo logi inangojea bakapu yake. Usishangae kukuta FULL na hakuna mtu aliichagua, kwa sababu kwa toleo la Standard databesi mpya inarithi FULL kutoka kwa databesi inayoitwa model.

Dhana: "Badilisha tu iwe SIMPLE, uishrinki, tuendelee na kazi"

Kijana wa IT alikuwa ameshaweka mkono kwa kibodi kufanya hivo, nikamwambia ngoja kwanza. Ni kweli SIMPLE, ile recovery model isiyongoja bakapu ya logi, ingeachilia logi haraka sana. Lakini ukienda SIMPLE mnyororo wa logi umekatika, na hata ukirudi FULL dakika mbili baadaye hauanzi tena mpaka uchukue bakapu nzima au ya differential. Hapo katikati, mtu akiandika UPDATE bila WHERE saa kumi jioni akageuza bei zote kuwa moja, unarudi kwa bakapu ya saa sita usiku, na mauzo ya siku nzima yamepotea. Ukiwa na bakapu za logi unarudisha mpaka saa tisa na dakika 59, kwa STOPAT.

Kuna mahali SIMPLE inafaa kabisa. Databesi ya majaribio, au ya ripoti inayojazwa upya kila asubuhi, iache SIMPLE. Swali ni moja: je, mnaweza kuvumilia kupoteza siku nzima? Nilimuuliza mzee, akasema hapana, kuna wateja wa deni humo.

Tukatuma mtu Luthuli Avenue akaleta diski ya nje ya TB 1, kwa sababu bakapu ya kwanza inabeba logi yote iliyolundikana na kwa seva hakukuwa na mahali pa kuiweka. Logi hata ikiwa imejaa, bakapu yake bado inakubali:

```sql
BACKUP LOG DukaDB
TO DISK = 'E:\bakapu\DukaDB_01.trn';
```

Ilichukua kama dakika 40. Keshia akajaribu risiti, ikatoka.

Dhana: "Umechukua bakapu na faili bado ni GB 187, haijafanya kazi"

Imefanya. Matatu ikishusha abiria wote pale steji, viti havipungui, vimebaki wazi tu vya kubeba wengine. Usiangalie saizi ya faili, angalia asilimia iliyotumika:

```sql
DBCC SQLPERF(LOGSPACE);
```

Yetu ilitoka karibu 100 ikashuka chini ya 1. Ili kurudisha nafasi kwa diski nilitumia DBCC SHRINKFILE, nikalenga GB 4. Mara ya kwanza ilikataa kushuka sana kwa sababu kipande kinachotumika sasa kilikuwa mwisho wa faili, nikachukua bakapu nyingine ya logi, nikarudia, ikashuka. Lakini kushrinki kila usiku ni kujiumiza, sababu itakua tena na inapokua maandishi yanaweza kungoja diski ijazwe sifuri.

Dhana: "Futa hiyo .ldf, itajiunda yenyewe"

Tafadhali usifanye. Humo ndani kuna kazi ambazo bado hazijafika kwa faili ya data, na databesi inaweza kukataa kufunguka kabisa.

Dhana: "Tukishaweka bakapu za logi, haitajaa tena"

Itajaa kama kuna transaksheni iliyoachwa wazi. Mtu ameandika BEGIN TRAN, akabadilisha kitu, akaenda lunch bila COMMIT, bakapu zinapita kila robo saa na logi haiachiliwi kuanzia pale alipoanzia. Hapo log_reuse_wait_desc inakuambia ACTIVE_TRANSACTION, na DBCC OPENTRAN inakuonyesha ile ya zamani zaidi na saa ilipoanza.

Pale dukani sasa job inapita kila dakika 15, mchana na usiku. Faili nyingi za .trn ni MB chache tu, isipokuwa zile za Jumapili usiku wakati indeksi zinajengwa, na zote zinaenda kwa diski tofauti na ile ya data. Wiki iliyofuata nilirudisha bakapu nzima pamoja na logi zake zote kwa jina lingine, DukaDB_jaribio, mpaka saa nane na robo mchana, na risiti ya mwisho kuonekana humo ilikuwa ya saa nane na dakika 14.