Maana ya kupanga geini: kuiachia sauti ya mazungumzo nafasi ya juu isipasuke

Mtu anayerekodi mazungumzo kwa mara ya kwanza kwa kawaida huangalia mita moja tu, ile iliyo kwenye kioo cha kamera, na akiona kwamba haijagusa rangi nyekundu hudhani sauti yake iko salama. Siku ya kuhariri anavaa hedifoni na kusikia mkwaruzo kila mahali mwigizaji alipopaza sauti, ingawa mita ya kamera haikufika kileleni hata mara moja. Ili kuelewa jinsi jambo hilo linavyowezekana, ni lazima kufahamu kwamba sauti hupita katika vifaa kadhaa kabla ya kuwa faili, na kwamba kila kifaa kina kikomo chake.

Geini ni kiasi ambacho kifaa huikuza ishara ya umeme inayobeba sauti. Kupanga geini ni kuamua, kwa kila kifaa kuanzia maikrofoni hadi faili, ishara ikuzwe kiasi gani, ili isiwe ndogo mno ikazama katika mvumo wa vifaa vyenyewe, wala isiwe kubwa mno ikapita uwezo wa kifaa kinachofuata. Pengo linalobaki kati ya kilele cha sauti ya kawaida na kikomo cha kifaa ndilo tunaloliita hapa nafasi ya juu. Nafasi hiyo huachwa kwa makusudi, kwa sababu binadamu hazungumzi kwa nguvu moja: mtu yule yule anayenong'ona sasa hivi anaweza kucheka au kufoka baada ya sentensi moja.

Katika vifaa vya kidijitali kikomo hicho huandikwa kwenye mita kuwa 0 dBFS, na thamani nyingine zote huhesabiwa kwenda chini, ndiyo maana zina alama ya kutoa. Ukishuka desibeli 6 kutoka kikomoni, urefu wa wimbi hubaki takriban nusu. Ukishuka 12, hubaki robo. Ukishuka 20, hubaki sehemu moja ya kumi. Sifuri hiyo ni kikomo kikali kwa sababu kinasa sauti huandika urefu wa wimbi kwa namba, na namba zina mwisho. Katika faili la biti 16 namba kubwa kuliko zote upande wa juu ni 32,767. Wimbi likihitaji 40,000, kinasa huandika 32,767, na kipimo kinachofuata cha wimbi kikihitaji 45,000 huandika 32,767 tena, hadi wimbi lirudi chini ya kikomo. Kilele kilichopaswa kuwa cha mviringo kinakuwa bapa, na ubapa huo ndio sikio husikia kama mkwaruzo. Tunasema sauti imepasuka.

Maji yakimwagika hayazoleki, na hapa msemo huo ni kweli kabisa: kupunguza sauti baadaye hushusha kilele bapa mahali pa chini, lakini hakurudishi kile kilichokatwa. Programu za ukarabati zipo, na wakati mwingine husaidia, ila kazi yake ni kukisia umbo la kilele kwa kutazama pande zake mbili. Pale sehemu iliyokatwa inapokuwa ndefu, makisio huwa mabaya na sauti ya mtu hubadilika.

Kupasuka hakutokei kwenye faili pekee. Saketi ya kukuza sauti iliyo ndani ya kinasa ina kiwango cha volti ambacho haiwezi kukipita, na transmita ndogo anayoivaa mwigizaji kiunoni, inayorusha sauti kwa redio hadi kwenye risiva, ina kikomo chake vilevile. Ishara ikipasukia kwenye transmita, kisha ikapunguzwa kwenye kinasa, mita ya kinasa itaonyesha kiwango cha chini na cha kupendeza, huku mkwaruzo ukiwa tayari umo ndani. Hapo ndipo wanaoanza hudanganyika, kwa kuwa mita husema ukweli kuhusu mahali ilipo tu, na haijui lolote kuhusu yaliyotokea kabla yake. Kwa sababu hiyo geini hupangwa kwa kuanzia mwanzo wa mnyororo na kwenda mbele, kamwe si kinyume chake.

Tuchukue mfano mmoja na kuufuata hadi mwisho. Mama na mwanawe wamekaa sebuleni; kwa dakika nzima wanazungumza kwa upole, kisha mama anasimama na kumfokea kijana. Mama amevaa maikrofoni ya kifuani iliyounganishwa na transmita, risiva imechomekwa kwenye kinasa cha biti 24, na waya mmoja unatoka kwenye kinasa kwenda kwenye kamera ili mhariri awe na nakala ya sauti kwenye picha.

Hatua ya kwanza ni transmita, na swali la kumwuliza mwigizaji si "hebu sema moja, mbili, tatu." Mtu akihesabu huhesabu kwa sauti ya ukarani, ambayo haifanani na sauti ya ugomvi. Mwombe mama atamke mstari ule wenye kelele kuliko yote, akiwa amesimama kama atakavyosimama, kwa nguvu zile zile. Tuseme katika mazoezi hayo maongezi ya kawaida yanafika kilele cha -14 kwenye mita ya transmita, na ukelele unafika 0. Wengi wangepunguza desibeli 2 au 3 na kuendelea. Lakini mita ikigota sifuri haikuambii sauti ilitaka kupanda hadi wapi. Inakuambia tu kwamba ilifika mwisho. Inabidi ushushe geini kwa kiasi cha kutosha, mwigizaji arudie, na usome upya. Tukishusha desibeli 12, ukelele unasomeka -8, kwa hiyo tunafahamu kwamba pale mwanzo ulikuwa umepita kikomo kwa desibeli 4. Maongezi ya kawaida sasa yana kilele cha -26.

Namba hiyo ya -26 humtia hofu anayeanza, naye hutamani kuipandisha. Hofu hiyo ina chanzo cha kweli: enzi ya kanda za sumaku, kanda yenyewe ilikuwa na mvumo mkubwa, hivyo fundi alisukuma ishara juu ili aufunike, na kanda ikizidiwa ilijaa polepole kabla ya kuharibika. Kinasa cha biti 24 hakina tabia hizo mbili. Mvumo wake uko chini sana kuliko kelele za sebule yenyewe, yaani feni, jokofu na magari ya nje, hivyo ukiyapandisha maongezi hayo desibeli 10 wakati wa kuhariri utakachokisikia kikipanda ni chumba, si kifaa. Mimi huona ni heri nipandishe sauti ya upole baadaye kuliko kupoteza ule mstari mmoja wa kufoka ambao mwigizaji hataweza kuurudia kwa uchungu ule ule.

Mbona basi tusiishushe zaidi, ukelele ukae -25? Kwa sababu kila kifaa huongeza mvumo wake, na mvumo unaoingia juu ya ishara ndogo hupandishwa pamoja nayo baadaye. Kwa mazungumzo ya kawaida yasiyo na ugomvi, mimi hulenga wastani wa karibu na -20 na vilele kati ya -12 na -10, nikiwa na nafasi ya desibeli kumi hivi juu yake. Katika tukio letu tumekubali maongezi yawe chini kuliko hapo ili ukelele upate mahali pa kukaa. Na tumeuweka ukelele kwenye -8 badala ya -2 kwa sababu waigizaji, kamera inapowaka, karibu kila mara hupaza sauti kuliko walivyopaza katika mazoezi.

Hatua ya pili, kutoka risiva kwenda kwenye kinasa, ni fupi lakini ina mtego wake. Ishara ya maikrofoni ni dhaifu mno, na ishara ya laini, yaani ile iliyokwisha kukuzwa ili ipite kati ya vifaa, ina nguvu kuliko hiyo kwa makumi ya desibeli. Risiva ikitoa ishara ya laini huku tundu la kinasa likiwa limewekwa MIC, saketi ya kwanza huzidiwa hata kama geini iko chini kabisa. Dalili yake ni kwamba nobu iko karibu na sifuri na bado sauti inakwaruza. Dawa ni kubadili tundu liwe LINE, au kushusha kiwango kinachotoka kwenye risiva. Kuendelea kuzungusha nobu hakusaidii.

Hatua ya tatu ni kamera. Kwanza zima geini ya kujiendesha yenyewe, kwa kuwa hiyo hupandisha kelele za chumba kila mtu anaponyamaza na kuishusha sauti ghafla anapofoka. Kisha toa kwenye kinasa mlio wa kupimia wa hezi 1,000 uliowekwa -20 dBFS, na urekebishe kamera hadi mita yake nayo isome -20. Kuanzia hapo mita mbili zinasema lugha moja: ukelele wa -8 kwenye kinasa utakuwa -8 kwenye kamera, na mwenye kamera haruhusiwi tena kugusa nobu hiyo.

Huenda msomaji akauliza kuhusu limita, yaani saketi inayoishusha sauti yenyewe inapokaribia kikomo. Ni kinga nzuri dhidi ya mstari usiotarajiwa, mradi ifanye kazi kabla ya sauti kugeuzwa kuwa namba. Ikiwa baada ya hapo, hupokea wimbi ambalo limekwisha kukatwa. Limita inayofanya kazi katika kila sentensi ni ishara kwamba geini imewekwa juu mno. Vinasa vya biti 32 vyenye nukta ya kuelea, navyo, vinaweza kuhifadhi vilele vilivyopita 0 dBFS na mhariri akavishusha vikiwa vizima, lakini uwezo huo ni wa kinasa peke yake. Transmita ya mama ikizidiwa, kinasa hicho kitahifadhi kwa uaminifu kabisa sauti iliyopasuka.

Ikitokea umefika kwenye uhariri na mkwaruzo upo, vuta picha ya wimbi hadi uone vilele kimoja kimoja. Vilele bapa vilivyogota kwenye 0 vinakuambia kwamba kosa lilikuwa kwenye kinasa chenyewe. Vilele bapa vilivyojipanga kwa urefu mmoja mahali pa chini, tuseme -12, vinakuambia kwamba sauti ilipasukia kwenye kifaa kilichotangulia, kisha ikapunguzwa. Vilele vikiwa vya mviringo na mkwaruzo bado unasikika, kagua kitambaa kinachosugua maikrofoni kifuani, kwa maana geini haihusiki hapo.