Zawadi za Desemba hazipunguzi bajeti ya Aprili

Kila Novemba ninapopitia rasimu za bajeti za vituo vya kulelea watoto hapa Tanzania, hukuta hesabu ileile: thamani ya zawadi za mwaka uliopita imegawanywa kwa 12, kisha ikatolewa kwenye gharama ya chakula ya kila mwezi. Nimelieleza kosa hili hadi nimechoka.

Kituo kimoja cha watoto 40 kilikadiria chakula kuwa shilingi 3,600,000 kwa mwezi. Kwa kuwa zawadi zilithaminiwa shilingi 14,400,000, kikapunguza 1,200,000 kila mwezi. Tulipofungua leja ya stoo, tuliona kwamba vyakula ambavyo kituo kingevinunua kwa vyovyote, yaani mchele, mafuta na sukari, havikuzidi shilingi 5,000,000. Zilizosalia zilikuwa soda, biskuti, keki na nguo, na karibu zote ziliingia Ramadhani na wiki ya Krismasi.

Mchele wa Krismasi peke yake ulikuwa kilo 600. Kwa gramu 150 kwa kila mtoto, mlo mmoja hutumia kilo 6, na kwa ratiba yao ya wali mara tatu kwa wiki ungefika Agosti. Mpishi alipoona stoo imejaa, akapika wali mchana na jioni, na katikati ya Februari magunia yakawa matupu. Machi na Aprili, mahindi yakiwa ghali kwa sababu mavuno mapya hayajatoka, kituo kilibaki na bajeti iliyokwisha kupunguzwa.

Zawadi ambayo haijafika ihesabiwe sifuri. Ikifika, ipimwe na kuingizwa kwenye leja, ndipo manunuzi ya mwezi unaofuata yapunguzwe kwa kile tu kilichokuwemo kwenye orodha. Fedha iliyookolewa mimi huitengea mahindi ya Julai, yaliyokauka vizuri na kufungwa katika mifuko isiyopitisha hewa, kwani wadudu hawasubiri wafadhili. Wala msinakili mwezi wa Ramadhani wa mwaka jana, kwa kuwa husogea mapema kwa takriban siku 11.

Wengine huacha fungu la shule wazi kwa sababu elimu haina ada. Ada ya shule za umma hadi kidato cha nne iliondolewa mwaka 2016, lakini sare, viatu na madaftari hununuliwa bado, tena vyote Januari. Kadi ya bima nayo hailipi nauli ya kwenda hospitali wala chakula cha mlezi anayelala wodini na mtoto.

Kuhusu walezi, huambiwa kwamba "wanajitolea". Mtu anayepangiwa zamu na kulipwa kila mwezi ni mwajiriwa, mwenye michango ya NSSF na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Walezi watano ni siku 140 za kumlipa mtu wa kushika zamu zao, na fungu hilo sijalikuta katika rasimu hata moja msimu huu.