Koti la jiwe: kuivisha sanamu nguo mpya pichani

"Kwa nini koti ninaloivisha sanamu ya marumaru kwenye picha huonekana limebandikwa tu, hata nikilikata vizuri? Nifanyeje lionekane limechongwa?"

Kwa sababu umeleta kitambaa, na sanamu haina kitambaa. Picha ya koti imebeba vitu vitatu kwa pamoja: rangi yake, uzi wake, na mikunjo yake. Mchongaji huchukua mikunjo peke yake. Mfano mzuri ni Kristo aliyefunikwa shela, kazi ya Giuseppe Sanmartino ya mwaka 1753 iliyoko Napoli. Shela na mwili vimetoka katika bonge moja la marumaru, na shela ni laini kiasi kwamba watu walizusha hadithi ya kitambaa cha kweli kilichogeuzwa jiwe kwa uchawi wa dawa. Lakini ukiikaribia huoni uzi hata mmoja. Kinachokudanganya ni mikunjo.

Basi kazi ni kuubakiza mkunjo, kuutupa uzi na rangi, kisha kuweka jiwe mahali pake. Nitaeleza kwa GIMP, programu ya kuhariri picha, maana ndiyo niliyoizoea.

Kwanza angalia kivuli cha pua ya sanamu kimelalia upande gani, kisha tafuta koti lililopigwa picha likiwa na mwanga kutoka upande ule ule. Hapa hakuna njia ya mkato. Mwanga ukipingana, yote yanayofuata ni bure. Koti likishakaa juu ya kifua katika tabaka lake, liondolee rangi kwa `Desaturate`, halafu lipitishie `Gaussian Blur` ya kutia ukungu. Pandisha namba yake polepole. Kwenye picha moja niliyoifanyia kazi, uzi ulipotea nilipofika 6, na kufika 12 ukosi wenyewe ulikuwa umeanza kuyeyuka. Nikarudi 6.

Namba hiyo ishike, utaihitaji tena. Nakili kipande cha jiwe tupu cha sanamu hiyo hiyo, pale mwanga ulipotulia, ukiweke juu ya koti na kukipitishia `High Pass` kwa 6 ile ile. Kitageuka kijivu chenye chembechembe tu. Badilisha hali ya tabaka iwe `Grain merge`, na chembe za jiwe zitakaa juu ya mikunjo. Umeondoa vitu vyenye ukubwa wa uzi, ukarudisha vya ukubwa huo huo vilivyotoka kwenye jiwe. Kipande kikiwa kidogo usikirudierudie kama vigae, jicho hugundua haraka. Kitandaze kwa `Clone` huku ukibadilisha mahali unapochota.

Rangi ndiyo iliyonisumbua zaidi. Mwanzoni nilidhani marumaru ni nyeupe na kivuli chake ni cheusi, nikapata koti lililofanana na plastiki. Marumaru hupitisha mwanga kidogo ndani yake, kwa hiyo vivuli vyake ni laini na mara chache huwa vyeusi kabisa. Chota rangi ya kivuli kizito kwenye shingo ya sanamu iwe rangi ya mbele, na ya sehemu inayong'aa iwe ya nyuma. Kisha ukiwa kwenye tabaka la koti tumia `Gradient Map` inayotoka ya kwanza kwenda ya pili. Koti halitaweza tena kuwa jeusi kuliko jiwe lenyewe.

Bado kuna pindo. Ukosi wa kitambaa ni mwembamba kama karatasi, ilhali wa jiwe una unene, la sivyo ungevunjika. Chora kivuli chembamba chini yake juu ya shingo, kizito kwenye mgusano na kififie kinapotoka. Mishipa ya marumaru nayo haijui nguo imeanzia wapi: ukiona mmoja unashuka shingoni, uvushe hadi begani. Na kama sanamu ilikaa nje mjini, mvua huosha sehemu zilizo wazi, masizi yakabaki kwenye maficho. Mikunjo yenye kina ya koti lako ipate giza hilo pia.

Kupima, kuza picha hadi asilimia 100 na utembeze jicho kutoka ngozi ya jiwe kwenda kwenye koti. Chembe zikibadilika ukubwa unapovuka mpaka, namba zako mbili hazilingani.

Kwa picha ya mtu iliyochorwa kwa rangi ya mafuta, ujanja ni ule ule ila chembe zina mwelekeo. Brashi hufuata umbo, kwa hiyo michirizi ya mkono wa koti ichukuliwe kwenye mkono wa nguo iliyochorwa na kugeuzwa kufuata mkono mpya. Nyufa za rangi iliyozeeka, kinyume chake, hukatiza popote: zipite kwenye koti na ukuta ulio nyuma yake bila kusita pindoni.